Kwa nini simu inachemka na kugoma kuchaji kwenye pedi ya gari

Niliondoka na chaji asilimia 34. Baada ya mwendo wa saa mbili na nusu nilifika na asilimia 31, na muda wote huo simu ilikuwa imelala kwenye pedi ya kuchajia, ile iliyojengwa ndani ya gari chini ya redio. Nilipoiinua ilinichoma vidole. Kwenye kioo kulikuwa na ujumbe kwamba kuchaji kumesimamishwa mpaka simu ipoe.

Nilimpelekea fundi wa umeme wa magari. Akaitazama pedi, akabonyeza hapa na pale, akaniambia, "Kaka, hii imekufa, tafuta nyingine." Nikamwomba aweke simu yake mwenyewe kwanza. Ikachaji vizuri. Akageuza maneno: "Basi betri ya simu yako imechoka." Lakini simu hiyohiyo nyumbani, kwa waya, ilikuwa inajaa bila shida na bila kuchemka. Niliondoka pale nikiwa na vitu viwili vizima ambavyo vikikutana vinagoma, na jambo hilo likanikaa kichwani kwa wiki kadhaa.

Ili kulielewa, ni lazima kwanza tujue pedi inafanya nini. Ndani yake kuna koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa ukawa bapa kama mkeka mdogo wa duara. Umeme unaopita humo unabadili mwelekeo zaidi ya mara laki moja kwa sekunde, na hivyo unazalisha uga wa sumaku unaopanda na kushuka kwa kasi hiyohiyo. Mgongoni mwa simu kuna koili nyingine. Uga huo ukiipita, unaamsha umeme ndani yake, umeme huo unanyooshwa na saketi ya simu, kisha unaingia kwenye betri. Huo ndio mfumo wa Qi, ambao karibu simu na magari yote yenye huduma hii yanautumia. Hakuna kinachogusana, na kwa sababu hiyo sehemu ya nguvu inapotea njiani. Nguvu iliyopotea haiendi mbali, inageuka joto palepale: kwenye shaba ya koili zote mbili, kwenye saketi ya kunyoosha umeme, na kwenye vipande vya chuma vilivyo ndani ya simu ambavyo vinaguswa na uga huo bila kukusudiwa.

Tuchukue hesabu ya kukadiria. Tuseme simu inataka wati 7.5. Koili zikiwa zimekaa sawasawa, uso kwa uso, takriban asilimia 70 ya nguvu inafika, kwa hiyo pedi inavuta karibu wati 11 kutoka kwenye gari na wati 3 na kitu zinakuwa joto. Hilo linavumilika. Sasa simu ikiwa imesogea pembeni na ni nusu tu ya nguvu inayofika, pedi italazimika kuvuta wati 15 ili simu ipate zilezile 7.5, na wati nyingine 7.5 zote zinakuwa joto. Simu imepata kilekile ilichokuwa inapata, lakini joto limezidi maradufu.

Hapa kuna jambo ambalo mimi sikulijua, na ndilo lililonifungua macho. Pedi haimwagi umeme tu kama bomba lililoachwa wazi. Simu inazungumza nayo. Mara kadhaa kila sekunde simu inatuma ujumbe mfupi kwa kuchezesha mzigo wa umeme kwenye koili yake, na pedi inausoma mchezo huo. Ujumbe wenyewe ni rahisi: niongezee, nipunguzie, au inatosha hivyo. Simu ikikaa vibaya, inachokiona yenyewe ni kwamba umeme unaofika ni mdogo. Inaomba zaidi. Pedi inatii, inaongeza mkondo kwenye koili yake, koili inapata moto, na moto huo unapanda juu kwenye mgongo wa simu. Hakuna aliyekosea hapo. Kila kimoja kinafanya kazi yake kama kilivyoundwa, na joto linazidi.

Mwisho wake ni ujumbe mwingine, ule wa kusema "kata umeme". Unabeba na sababu yake, na mojawapo ya sababu zilizoandikwa kwenye mfumo huo ni joto kupita kiasi. Kwa hiyo mara nyingi pedi haijaharibika wala haijachoka. Imeambiwa na simu iache. Baadhi ya pedi zikishaambiwa hivyo hazianzi tena mpaka uiinue simu na kuiweka upya, na ndiyo maana watu wengi husema, "Nikiitoa na kuirudisha inachaji." Inachaji kwa dakika chache, halafu inarudi palepale.

Simu inaogopa nini? Inaogopa betri yake. Betri ya lithiamu haipendi kuingiziwa umeme ikiwa na joto kali. Kemikali za ndani zinachakaa haraka, na joto likizidi sana betri inaweza kuvimba. Ndani ya simu kuna sensa inayopima joto la betri muda wote, na watengenezaji wengi wanaanza kupunguza kasi ya kuchaji joto likikaribia nyuzi 45, kisha wanasimamisha kabisa. Kwa kawaida hakuachwi ghafla. Kwanza kasi inashuka kimyakimya, wati 7.5 zinakuwa 5, halafu chini ya hapo, na wewe huoni chochote isipokuwa asilimia ambayo haipandi. Ujumbe kwenye kioo unakuja mwishoni.

Sasa weka hayo yote ndani ya gari. Gari lililoegeshwa juani linakuwa tanuri, na plastiki nyeusi ya dashibodi inaweza kupita nyuzi 70. Pedi nayo huwa imefichwa kwenye shimo lililo chini ya dashibodi, kuta pande tatu, mpira chini, hewa haipiti. Simu haina feni. Inapoa kwa kutoa joto kupitia kioo chake na mgongo wake, na mgongo ndio ulioegemea kitu kinachotoa joto. Juu yake kuna kava. Kuiweka simu pale ni kama kumfunika mtu blanketi na kumlaza juu ya jiko, kisha kumwambia afanye kazi.

Na kazi inayo. Nikiendesha, simu yangu inasoma satelaiti za GPS, inavuta ramani kwa data, na juu ya hapo inaendesha Android Auto bila waya. Kazi hii ya mwisho watu wanaidharau. Simu inachora picha ya ramani, inaibana kama video, na kuituma kwa Wi-Fi kwenye kioo cha gari bila kupumzika safari nzima. Kioo cha simu kimezimwa, unadhani imelala, kumbe prosesa inatoka jasho. Ukipita maeneo yenye mtandao hafifu, redio ya simu inaongeza nguvu ya kutuma ili isikike na mnara, na joto linaongezeka tena. Kwa ujumla simu inaweza kutoa wati 2 au 3 za joto lake yenyewe kabla pedi haijaongeza lake.

Nikaamua kuacha kubahatisha, nikapima. Simu za Android hutunza kumbukumbu ya betri, na ukifika nyumbani unaweza kuichomeka simu kwenye kompyuta yenye programu ya adb, ukiwa umewasha USB debugging kwenye simu, na kuisoma kwa amri hii:

```
adb shell dumpsys batterystats --history
```

Inatoka mistari mingi sana, lakini mimi nilikuwa natafuta vitu vitatu tu. `plug=wireless` inaonyesha simu ilikuwa kwenye pedi. `temp=` inafuatwa na joto la betri kwa sehemu za kumi, kwa hiyo `temp=441` ni nyuzi 44.1. Na `status=` inasema kama inachaji au la. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kuangalia simu ukiwa unaendesha. Unaendesha kama kawaida, na kila kitu kinakuwa kimeandikwa.

Safari ya kwanza sikubadili kitu chochote, niliiacha kumbukumbu iandike tu. Barabara ileile, saa ileile ya mchana, kiyoyozi kipo kwenye namba ileile, simu ikianza na takriban asilimia 40. Betri ilianza na nyuzi 31. Ilipanda bila kusita, na dakika ya 26 ikaandika nyuzi 44.1 na kuacha kuchaji. Ikashuka taratibu mpaka chini ya nyuzi 40, ikaanza tena, ikapanda haraka kuliko mara ya kwanza, ikaacha tena. Safari nzima ilikuwa meno ya msumeno: panda, acha, poa, anza. Na kila pumziko simu ilikuwa inatumia chaji yake yenyewe. Hesabu ya kuondoka na 34 na kufika na 31 ikawa imejieleza.

Safari ya pili nilivua kava, kwa sababu ushauri wa kwanza ambao kila mtu hutoa ni huo. Nilitarajia mabadiliko makubwa. Iliacha kuchaji dakika ya 31. Dakika tano tu za nafuu. Sisemi kava haina neno. Kava nene inaongeza umbali kati ya koili mbili na inazuia joto kutoka, na nene kupita milimita 3 hivi inaanza kuwa tatizo halisi. Lakini kava yangu ilikuwa nyembamba, na kumbe haikuwa kiini cha shida.

Kiini nilikikuta gari likiwa limeegeshwa kivulini, injini inaunguruma. Niliweka programu inayoonyesha mkondo unaoingia kwenye betri kwa miliampia, nikailaza simu mahali inapolala siku zote, yaani nyuma kabisa ya trei. Ikasoma kati ya 600 na 650. Nikaisogeza mbele nusu sentimita, nikasubiri itulie, nikasoma. Nusu nyingine, nikasoma. Ilipofika karibu sentimita moja na nusu kutoka mahali pake pa kawaida, ikasoma 1,050 na zaidi. Nikaisukuma mpaka mwisho wa trei, ikashuka kidogo.

Nikachukua rula. Trei ina urefu wa sentimita 18, simu yangu ina 16.3. Kuna nafasi ya kuteleza ya karibu sentimita mbili. Kila nikikanyaga mafuta simu inarudi nyuma mpaka inagonga ukuta, na inabaki hapo, kwa sababu mpira wa chini umekuwa laini kwa vumbi na mafuta ya mikono. Na koili ya simu haikai lazima katikati hasa ya mgongo. Yangu ipo chini kidogo ya katikati. Kwa hiyo simu ikiwa nyuma kabisa, koili yake na koili ya pedi zinapishana kwa sentimita moja na nusu. Inatosha kuendelea kuchaji, na taa ya kijani inawaka, hivyo hakuna dalili yoyote ya kukuambia kwamba mambo hayako sawa. Simu ya fundi ilikuwa fupi, na alipoiweka kwa mkono iliangukia katikati. Wala haikukaa zaidi ya dakika mbili. Jaribio la dakika mbili haliwezi kuonyesha tatizo linalohitaji dakika 26 kujitokeza.

Nilikata kipande cha sponji ngumu, nikakibana nyuma ya trei ili simu isirudi, na nikaufuta mpira kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo mpaka ukashika tena. Usitumie kipande cha chuma wala karatasi ya alumini kwa kazi hiyo, kwa sababu uga wa sumaku utakipasha moto hichohicho. Safari ya tatu, kava ikiwa imerudishwa, simu ilifika dakika ya 57 kabla ya kuacha. Muda umezidi maradufu kwa sababu ya sponji.

Safari ya nne niliacha sponji mahali pake na kuzima Android Auto. Nilipakua ramani ya njia yote kabla ya kuondoka, nikasikiliza maelekezo kwa sauti tu. Haikuacha kuchaji hata mara moja. Joto la juu kabisa lilikuwa nyuzi 40.3, na nilifika na asilimia 71. Mimi binafsi nilishangaa jinsi kazi ya simu yenyewe ilivyokuwa na uzito. Nilikuwa nimeitupia pedi lawama zote.

Kabla hujaanza kukata sponji, hakikisha kwanza kwamba linalokusumbua ni joto, maana pedi huacha kuchaji kwa sababu nyingine pia na tiba zake ni tofauti. Joto linachukua muda, dakika 15 mpaka saa nzima, na simu yenyewe inakuwa ya moto mkononi. Ikiwa inaacha ndani ya sekunde chache tu na simu ni baridi, taa ya pedi ikimulika kwa vipindi, pedi imehisi chuma kisichotakiwa. Inalinganisha nguvu inayotuma na ile ambayo simu inasema imeipokea, na pengo likiwa kubwa kuliko inavyotarajia, inahofia kuna sarafu au ufunguo unaopata moto katikati, basi inakata. Kisababishi cha kawaida ni kile kibati cha chuma ambacho watu hubandika nyuma ya simu au ndani ya kava ili ishike kwenye kishikio cha sumaku. Kibati hicho kikiwa chembamba kinaweza hata kuponyoka ukaguzi, na hapo simu inachaji kwa shida huku kibati kikichemka mgongoni mwake. Kitoe. Kadi za benki zilizowekwa ndani ya kava nazo zitoke, maana zina waya wake wa ndani.

Kuna la tatu ambalo huwatia watu hofu bure. Kwenye magari yanayofunguka bila kuchomeka ufunguo, gari hutafuta ufunguo kwa mawimbi yaliyo karibu sana na yale ya pedi, kwa hiyo baadhi yake husitisha kuchaji kwa muda mfupi mlango unapofunguliwa au unapobonyeza kitufe cha kuwasha. Sekunde chache, halafu inaendelea. Hiyo si hitilafu.

Pedi mpya zenye sumaku, zile za Qi2 zilizoanza kutoka mwaka 2023, zinalimaliza tatizo langu la kuteleza, kwa sababu sumaku inaivuta simu mpaka koili zikae uso kwa uso na haisogei kwenye kona. Kama simu yako ina sumaku hizo na unaweza kuweka kishikio mbele ya tundu la kiyoyozi, upepo wa baridi unapuliza moja kwa moja kwenye simu na pedi. Huo ndio mpangilio bora ninaoujua wa kuchaji bila waya ndani ya gari. Ila tundu hilohilo likitoa hewa ya moto wakati wa baridi, litakurudisha ulikotoka, na simu iliyo juu kwenye kioo cha mbele inapigwa na jua ambalo sumaku haiwezi kulizuia.

Na kuna siku ambazo hakuna kinachosaidia. Juzi gari lilikaa juani tangu asubuhi na simu niliisahau ndani. Nilipoiwasha betri ilikuwa tayari na nyuzi 43. Kwa hali hiyo imebaki na nafasi ya nyuzi moja hivi tu kabla ya kugoma, hata koili zikae sawa namna gani. Nilifungua vioo, nikaishika simu mbele ya kiyoyozi nikiwa bado nimeegesha, nikaitazama ikishuka mpaka 36, ikachukua dakika saba hivi. Usiiweke kwenye friji wala kwenye barafu, unyevu utajikusanya ndani yake. Kisha nikachomeka waya. Kwa waya sehemu kubwa ya upotevu inabaki kwenye chaja, nje ya simu, na mgongo wa simu unakuwa huru kupumua, hivyo kwa chaji ileile inayoingia, joto linalobaki ndani ni dogo. Simu ikiwa chini ya asilimia 20 na safari ni ndefu, siku hizi naanza na waya tangu mwanzo, kwa kuwa betri iliyo karibu tupu inavuta nguvu ya juu kabisa kwa muda mrefu na ndiyo inayochemka haraka. Ikishafika 60 hivi, naihamishia kwenye pedi, mbele ya sponji yake.